Simulesheni inasema inveta yangu ya PWM ina THD 77%, ya wimbi mraba 48%. Kuna nini hapa?

#1 Kijana_Daraja

Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho, mradi wangu ni inveta ndogo ya fezi moja. Naingiza DC 24 V, katikati kuna daraja la H lenye mosfeti nne IRFZ44N, draiva mbili IR2104 (moja kwa kila mguu), na Arduino Uno ndiyo inayotoa PWM. Filta ni koili ya 0.5 mH na kapasita ya 10 µF. Mzigo ni rezista ya waya ya ohmu 10. Transfoma sijaweka bado, nataka kwanza wimbi liwe safi kwenye volti ndogo nisije nikajiua.

Kabla ya kushika bunduki ya kulehemu nilipitisha yote kwenye LTspice, bila filta, kulinganisha daraja likipiga wimbi mraba wa kawaida wa 50 Hz na daraja hilohilo likipiga PWM ya ngazi tatu (yaani +24, 0, -24), wimbi la pembetatu 10 kHz, m = 0.8. Nimetumia `.four 50 V(a,b)`. Majibu:

```
Mraba: Partial Harmonic Distortion: 42.9%
       Total Harmonic Distortion:   48.3%
PWM:   Partial Harmonic Distortion: 0.1%
       Total Harmonic Distortion:   76.9%
```

Kwa hiyo PWM, ambayo kila mtu anaisifia, ni chafu kuliko mraba? Msimamizi wangu akiona hii 77% ananirudisha nyumbani. Nimekosea wapi?

#2 Volti_Mbeya

Dogo hujakosea, m yako ndiyo ndogo. Ukiweka 0.8 unaacha volti nyingi mezani, na THD inapigwa kwa kugawanya na wimbi la msingi, sasa wimbi la msingi likiwa dogo asilimia lazima ipande. Weka m = 1. Pili hiyo 10 kHz ni ya zamani sana, watu sasa hivi wanapiga 50 kHz na kuendelea. Ukipandisha, uchafu unapungua wenyewe.

#3 fundi_Mwanakwerekwe

Asalaam aleikum. Mimi sijui mambo ya simulesheni lakini THD naijua kwa masikio. Nina inveta ya dukani ile wanaita modifaidi saini, nimemfungia mteja, feni la dari linanguruma kama pikipiki na kapasita ya feni imekufa ndani ya miezi michache. Nikipima soketi kwa mita yangu inasoma 180 V. Naomba msaada nipandishe vipi ifike 230? Ndani nimeona kuna kipotensha kimoja cha bluu.

#4 Kijana_Daraja

@Volti_Mbeya nimejaribu vyote viwili. m = 1 imeshuka hadi 52%, bado iko juu ya mraba. Nikairudisha 0.8 na kupandisha pembetatu hadi 50 kHz: 76.9% vilevile. Haijatikisika hata nukta.

#5 BiMkubwa_Koili

Kijana, hujakosea na simulesheni haijakosea. Hizo ndizo namba zenyewe, hata ukizipiga kwa kalamu utazipata.

Angalia. Daraja lako la ngazi tatu linatoa 24 V au sifuri, basi. Ukitafuta RMS ya mapigo yote kwa m = 0.8 inatoka 24 mara kipeuo cha pili cha 0.509, kama 17.1 V. Wimbi la msingi lina kilele cha 0.8 × 24 = 19.2 V, RMS 13.6 V. Kilichobaki baada ya kutoa mraba wa 13.6 kwenye mraba wa 17.1 ni uchafu wenye RMS ya 10.4 V. Gawanya kwa 13.6, unapata 77%. Tazama kwamba frikwensi ya pembetatu haimo popote kwenye hesabu hiyo. Ndiyo maana 50 kHz haikubadili kitu. Urefu wa mapigo ukiwa uleule kwa wastani, RMS ni ileile, uyakate mara 200 kwa sekunde 0.02 au mara 1,000.

@Volti_Mbeya yuko sawa kwenye m, inashusha asilimia, na ukizidisha m ikapita 1 itashuka zaidi. Lakini hapo pembetatu haimfikii tena saini kwenye kilele, mapigo ya katikati yanaungana kuwa pande moja, na harmoniki ya 3 na ya 5 zinarudi mlangoni. Utakuwa umepunguza namba na kuharibu inveta.

Jibu la swali lako liko kwenye ile mistari miwili ya logi uliyobandika mwenyewe. `.four` ikiachwa bila maelekezo inahesabu harmoniki 9 tu, yaani kutoka 50 hadi 450 Hz. "Partial" ndiyo hizo peke yake, "Total" ni kila kitu. Mraba: 42.9 kati ya 48.3 imekaa chini ya 450 Hz. PWM: chini ya 450 Hz hamna kitu, 0.1. Ile 77% yote imehamia juu huko kwenye 20 kHz na kuendelea.

Sasa uliza filta yako. 0.5 mH na 10 µF zinakata kwenye karibu 2,250 Hz. Kwa 20 kHz, ambayo ni karibu mara tisa ya hapo, kinachopita ni sehemu moja kati ya 78. Uchafu wa kundi la 20 kHz kwenye daraja lako ni kama 8.2 V RMS, ukishapita filta unabaki 0.1 V. Kwa 13.6 V hiyo ni 0.8%.

Upitishe mraba kwenye filta hiyohiyo: harmoniki ya 3 iko 150 Hz, filta haijaanza hata kuamka, inapita nzima na ile 33% yake. Ukitaka kuikata inabidi ukate chini ya 150, tuseme 75 Hz. Kwa kapasita ya 10 µF unahitaji koili ya 0.45 H, mara 900 ya uliyonayo. Na baada ya kubeba chuma chote hicho, bila mzigo harmoniki ya 3 inapungua mara tatu tu, huku 50 Hz yenyewe ikivimba karibu mara 1.8 kwa sababu iko jirani na resonansi.

Kwa hiyo msimamizi wako mwandikie THD baada ya filta, na mahali harmoniki zilipo. THD ya daraja tupu haimwambii chochote.

#6 Volti_Mbeya

Bi Mkubwa nimekuelewa ila hapo kwenye 20 kHz umeteleza. Pembetatu yake ni 10 kHz. Uchafu utakuwa 10 kHz.

#7 BiMkubwa_Koili

Ingekuwa 10 kHz kama miguu miwili ya daraja ingegeuka kwa pamoja, mmoja juu mwingine chini, ukipata +24 na -24 bila sifuri. Hiyo ndiyo ya ngazi mbili. Na kwa taarifa, ya ngazi mbili ikiwa m = 0.8, harmoniki iliyo pale pale kwenye frikwensi ya pembetatu ina kilele cha 0.818 ya volti za DC, kubwa kuliko wimbi la msingi lenyewe lenye 0.8. THD yake ni 146%. Na bado inafanya kazi vizuri tu ukiiwekea filta ya kutosha.

Yeye kasema ngazi tatu. Mguu A unalinganisha saini na pembetatu, mguu B unalinganisha saini iliyogeuzwa na pembetatu ileile. Kila mguu peke yake umejaa 10 kHz, lakini hiyo 10 kHz iko sawa kwenye miguu yote miwili, na mzigo unaona tofauti tu kati ya A na B. Inafutika. Kinachobaki ni makundi pembeni ya 20 kHz: 19,950 na 20,050, kisha 19,850 na 20,150. Pale 20,000 kamili hamna kitu.

#8 fundi_Mwanakwerekwe

Naona mmenipita. Feni jamani.

#9 BiMkubwa_Koili

Samahani fundi, wa aleikum salaam. Usiguse hicho kipotensha!

Inveta ya modifaidi inatoa pigo la juu, sifuri, pigo la chini, sifuri. Kama kilele chake ni 325 V na kila pigo limejaza nusu ya muda wake, RMS ni 230 V barabara. Mita yako inapima wastani halafu inazidisha kwa 1.11 ikidhani ni saini. Wastani ni 162.5, mara 1.11 ni 180. Kwa hiyo soketi iko 230, mita ndiyo haikutengenezwa kwa wimbi hilo. Ukizungusha kipotensha mpaka isome 230 utachoma vitu vya mteja.

Mngurumo ni harmoniki ya 3. Kwa umbo hilo (nusu pigo, nusu sifuri) wimbi la msingi ni 207 V tu na harmoniki ya 3 ni 69 V, theluthi nzima. THD 48%, yaani sawasawa na mraba mtupu, pamoja na jina zuri waliloipa. Na kapasita ya feni kwa 150 Hz inazuia theluthi ya inavyozuia kwa 50 Hz, hivyo theluthi ya volti inapitisha mkondo sawa na ule wa wimbi la msingi. Kapasita inabeba mkondo wa pili ambao haikununuliwa kuubeba.

#10 fundi_Mwanakwerekwe

Sasa hapa kuna jambo nimeligundua siku nyingi sikuwa na maelezo. Betri ikiwa imejaa feni linanguruma sana. Usiku betri ikishuka mngurumo unapungua, ndipo linaendelea mpaka inveta inapiga alamu. Nilidhani ni masikio.

#11 BiMkubwa_Koili

Siyo masikio. Betri ikishuka kilele kinashuka, na inveta ili ibaki kwenye 230 V inapanua mapigo. Kilele kikifika karibu 282 V, kila pigo linakuwa limejaza theluthi mbili ya nafasi yake, nyuzi 120 kati ya 180. Kwa upana huo harmoniki ya 3 ni sifuri kabisa, kwa sababu pigo linakusanya mzunguko mmoja kamili wa 150 Hz, nusu chanya na nusu hasi. THD inashuka hadi 31%. Inabaki ya 5 na ya 7. Ikishuka zaidi ya hapo ya 3 inarudi. Kama inveta yako inadhibiti RMS kweli (zingine hazidhibiti, volti zinaanguka tu pamoja na betri) basi ulichosikia ndicho hicho.

#12 NakuruSola

Niaje wadau. Nimesoma yote, poa sana, lakini kijana anajitesa bure. Nunua ile bodi ndogo ya EGS002 yenye chipu ya EG8010, weka mosfeti, imeisha. Hiyo nayo ni ngazi tatu na inapiga 23.4 kHz, kwa hivyo ukidabo unapata karibu 47 kHz. Koili inakuwa ndogo kama kidole.

#13 BiMkubwa_Koili

Bodi ni nzuri lakini haidabo. EG8010 ikiwa kwenye ngazi tatu inakata kwa kasi mguu mmoja tu, mguu wa pili unageuka na 50 Hz. Hakuna cha kufutana, uchafu unabaki pembeni ya 23.4 kHz. Ndiyo maana koili ya filta inawekwa kwenye mguu ule unaokata kwa kasi. Faida yake ni nyingine: mguu mmoja unakaa bila kupoteza nguvu za kugeuka. Ukipiga hesabu ya koili ukidhani ni 47 kHz, mawimbi ya mkondo yatakuwa mara mbili ya ulivyotarajia na koili itachemka.

#14 NakuruSola

Wah. Hiyo inaeleza koili moja hivi niliwahi kuifunga. Sitasema zaidi.

#15 Kijana_Daraja

Wakuu nimerudi. Nimejenga. Wimbi baada ya filta linaonekana la saini, rezista inapata 13.4 V, mosfeti ni za baridi. Lakini kuna mambo mawili:

Kwanza koili inapiga mluzi mkali, wenzangu maabara wamenifukuza. Pili, kwa FFT ya oskiloskopu nikijumlisha vilele vyote napata THD kama 3.3%, siyo 0.8. Na kilele kikubwa kiko 10 kHz, siyo 20! Simulesheni inasema 20. Nimebadili koili mluzi uko palepale. Hii ndiyo sehemu ya taima niliyotumia, nimeitoa kwenye mfano wa mtandaoni:

```
TCCR1A = _BV(COM1A1) | _BV(COM1B1) | _BV(WGM11);
TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(WGM12) | _BV(CS10);
ICR1 = 1599;
// kila mzunguko wa PWM, s kati ya -640 na 640
OCR1A = 800 + s;
OCR1B = 800 - s;
```

#16 Volti_Mbeya

Nilisema! 10 kHz. Kufutana kwa nadharia ni kitu kimoja, mosfeti halisi hazifanani hata siku moja. Ukitaka kufuta vizuri nunua mosfeti nne za kundi moja uzipime upate zinazolingana.

#17 BiMkubwa_Koili

Mosfeti zisipolingana utabaki na mabaki madogo ya 10 kHz, chini sana. Hawezi kupata kundi zima limerudi. Kijana fanya hivi kabla sijakuambia ninachodhani: weka chaneli moja kwenye mguu A, nyingine kwenye mguu B, ardhi zote mbili kwenye hasi ya DC. Iambie oskiloskopu ikupe CH1 toa CH2. Simamisha picha mahali saini iko karibu na nusu ya kilele, kisha hesabu mapigo ndani ya mikrosekunde 100.

#18 Kijana_Daraja

Pigo moja. A na B zinapanda pamoja kabisa, halafu B inashuka mapema, A inashuka baadaye. Tofauti ni kipande kimoja pale mwishoni.

#19 BiMkubwa_Koili

Basi ndicho nilichodhani. Kwenye simulesheni umeweka pembetatu. Kwenye Arduino umeweka jino la msumeno.

WGM13, WGM12 na WGM11 zikiwa pamoja, Timer1 inahesabu kutoka 0 hadi 1599 kisha inaruka kurudi 0. Mapigo yote mawili yanaanza pale pale kwenye 0. Ukitoa B kwenye A, mwanzo unafutana, unabaki mkia mmoja kwa kila mikrosekunde 100. Mkia mmoja kwa mikrosekunde 100 ni 10 kHz, hakuna namna.

Pembetatu inapanda na kushuka. Mapigo ya A na B yanakuwa na kitovu kimoja, la A pana, la B jembamba ndani yake. Ukiyatoa, B linakula katikati ya A na kuacha vipande viwili, kimoja kushoto kimoja kulia. Vipande viwili kwa mikrosekunde 100 ndiyo 20 kHz yako. Kudabo kote kunatoka hapo tu, kwenye kitovu cha mapigo kukaa pamoja.

Na utaona kichekesho: THD ya daraja tupu kwa msumeno ni 77% ileile, kwa sababu jumla ya upana wa mapigo haijabadilika. Lakini filta yako kwa 10 kHz inapunguza mara 19 tu badala ya 78. Hiyo 8.2 V inabaki 0.43 V, ambayo ni karibu 3.2% ya 13.6. Umepima 3.3. Inakubali.

Toa WGM12 na upunguze kilele cha hesabu:

```
TCCR1B = _BV(WGM13) | _BV(CS10);
ICR1 = 800;
// s sasa kati ya -320 na 320
OCR1A = 400 + s;
OCR1B = 400 - s;
```

Taima inapanda hatua 800 na kushuka 800, jumla 1,600, kwa saa ya 16 MHz ni 10 kHz vilevile. Sampuli zako 200 kwa kila mzunguko wa 50 Hz usiziguse. Umepoteza nusu ya ubora wa hatua, lakini hatua 800 zinatosha sana kwa kazi hii.

#20 Kijana_Daraja

Bi Mkubwa!!! Mluzi umekufa. Ile 10 kHz kwenye FFT imebaki kijiti kidogo, 20 kHz imetokea na ina vile vijiti viwili viwili pembeni na katikati hamna kitu. THD sasa kama 1.1%.

Kuna mdogo wangu wa darasa la sita alikuja maabara anasema bado anasikia kitu. Sisi wengine hatusikii.

#21 Volti_Mbeya

Watoto wanasikia mpaka 20 kHz. Sawa, nakubali ya msumeno, sikuwa nimefikiria mpangilio wa kingo. Lakini 1.1 siyo 0.8. Iliyobaki ni nini?

#22 Kijana_Daraja

Iliyobaki iko chini. 150 Hz kama 0.55% na 250 Hz kama 0.3%. Kwenye simulesheni hazipo kabisa.

#23 BiMkubwa_Koili

Simulesheni yako ina swichi zisizo na mwanya. IR2104 inaweka yenyewe mwanya wa usalama wa karibu nanosekunde 520 kati ya kuzima mosfeti moja na kuwasha ya pili, ili zote mbili zisiwake pamoja na kufupisha DC. Ndani ya mwanya huo mosfeti hazina amri juu ya volti, mkondo wa koili ndio unaoamua, unapita kwenye diodi ya mosfeti na siku zote unakwenda upande unaokupinga. Mkondo chanya, unapoteza volti kidogo. Mkondo hasi, unaongezewa kidogo.

Ukihesabu: 24 V mara 0.52 µs mara 10,000 ni 0.125 V kwa mguu, miguu miwili 0.25 V. Hiyo 0.25 V inabadili alama kila mkondo unapobadili alama, yaani umejiwekea wimbi mraba dogo la 50 Hz ndani ya inveta yako. Na mraba una harmoniki ya 3: 0.25 × 4/π gawa 3 ni 0.106 V. Kwa kilele cha 19.2 ni 0.55%. Umepima hiyohiyo. Na sehemu ya ile 13.6 uliyoiona imekuwa 13.4 imeliwa hapohapo, nyingine imeliwa na waya wa koili na mosfeti.

Hii filta haiigusi, iko 150 Hz. Na sasa @Volti_Mbeya aone kwa nini sipendi kukimbilia 50 kHz. Mwanya ni uleule kila ukigeuka. Ukigeuka mara tano zaidi unapoteza mara tano zaidi: 0.55 inakuwa 2.75%. Utakuwa umesafisha kule juu ambako koili ya bei rahisi ingesafisha, na kuchafua kule chini ambako hakuna koili inayofika.

#24 Volti_Mbeya

Hapo si unafidia tu kwenye programu? Ukijua mkondo ni chanya unaongeza mwanya kwenye OCR, ukiwa hasi unatoa. Ni mistari miwili ya kodi. 0.52 µs ni hatua nane za taima.

#25 BiMkubwa_Koili

Inafanyika, na kwa mzigo wa rezista ni rahisi, mkondo uko sambamba na saini, unaweza kutumia alama ya saini yenyewe. Akiweka transfoma na feni mkondo utachelewa, atahitaji kihisi cha mkondo. Na pale mkondo unapovuka sifuri ndipo kihisi kinapobabaika, ukikosea alama unafidia kinyume na kosa linakuwa mara mbili mahali ambapo wimbi ni dogo kuliko kote. Nimeona mashine ambazo zilikuwa safi zaidi bila fidia. Angalia pia 16 MHz: amri moja ya kuongeza kwenye OCR1A inahamisha kingo zote mbili, ya kupanda na ya kushuka, kwa hiyo hatua nane zigawe kwa mbili.

#26 NakuruSola

Mimi bado nasema kwa mzigo wa nyumbani 0.5% ya harmoniki ya 3 hakuna mtu ataiona. Stima ya gridi yenyewe ina zaidi ya hiyo siku nyingi. Huyu amalize, aweke transfoma, aendelee na maisha.

#27 Volti_Mbeya

Ni mradi wa chuo, si wa nyumbani. Ajaribu fidia ya alama ya saini na rezista, apime 150 Hz kabla na baada. Kama inashuka chini ya 0.2 basi Bi Mkubwa ananidai soda moja badala ya mbili.

#28 fundi_Mwanakwerekwe

Mimi nimemwambia mteja anunue ya saini kamili. Ananiuliza kwa nini bei mara tatu. Nimemtajia harmoniki ya 3, ameniangalia tu. @Kijana_Daraja ukiweka transfoma usisahau kutuambia mkondo unaokula bila mzigo, maana mimi nina transfoma za UPS za zamani kama nne hapa na nikiziunganisha kwenye bodi kama hizo zinachemka hata bila kuwasha kitu.

#29 Kijana_Daraja

Sawa fundi. Hiyo transfoma ya UPS uliyotaja, upande wa volti ndogo imeandikwa ngapi? Nikiwa na m = 0.8 napata 13.6 V tu, na betri ikishuka 21 V napata 11.9. Nikichukua ya 17 V kwenda 230 itanibidi m ipite 1 na nimeshaambiwa nini kinarudi.

#30 fundi_Mwanakwerekwe

Haijaandikwa kitu, kibandiko kimeungua. Nitaipa 230 upande wa pili nipime inatoa ngapi, kesho inshallah.